Nilivyoufundisha mshale kungoja: kukliki kwa kichwa bila kukliki ovyo

Naandika haya kwa sababu nimechoka kumweleza mtu mmoja mmoja kwenye simu jinsi ninavyotumia kompyuta kwa kichwa. Mimi niko Mikindani, nilianguka kutoka kwenye mnazi 2017 nikaumia shingo, mikono haifanyi kazi tena ila kichwa nakigeuza vizuri tu. Na kwa kichwa hiki hiki ndiyo natunza hesabu za korosho za chama chetu cha msingi, majina ya wakulima na kilo zao, kwenye Excel, na sasa hivi naiamini kazi yangu kabisa. Mwaka wa kwanza nilikuwa siiamini hata kidogo.

Natumia programu ya eViacam, ni ya bure. Kamera tulinunua elfu thelathini na kitu, mpwa wangu akaibandika juu ya skrini na kunifungia kila kitu. Ukisogeza kichwa mshale unaenda, ukiutuliza mahali kwa muda uliopangwa, inakliki yenyewe. Taabu yote iko hapo, maana kompyuta haijui kama umetulia unataka kukliki au umetulia unasoma jina la mtu.

Mwanzoni muda ulikuwa sekunde 1 na nilikuwa naukodolea mshale juu ya kitufe weee, hakikliki. Nikirudi kupumzika, kinakliki kitu kingine. Tukampigia fundi mmoja wa mjini, akasema, "Kaka, shusha mpaka nusu sekunde, itakuwa fasta." Tukashusha. Jamani! Kila nilipopita palifunguka kitu, siku hiyo nilifuta safu nzima ya kilo bila kujua, mpwa akaigundua jioni. Ule ushauri bado naukuta unazunguka kwa watu na unaniudhi sana, kwa sababu kosa langu halikuwa kwenye muda kabisa, lilikuwa kwenye eneo.

Ni hivi. Programu inachora kama kiduara kisichoonekana, hilo ndilo eneo lenyewe, mshale ukikaa ndani yake saa inahesabu, ukitoka hata kidogo hesabu inaanza upya. Kichwa cha mtu hakitulii kama jiwe, kinatetemeka kwa kupumua tu. Kiduara kikiwa kidogo kuliko mtetemo wako, unapotaka kukliki huwezi, ndiyo unashusha muda, na ukishashusha muda basi inakliki popote utakapobahatika kutulia.

Nikajiuliza, huu mtetemo wangu ni mkubwa kiasi gani? Tukafungua Paint, tukazima kukliki kwa kutulia kwanza, mpwa akabonyeza kitufe cha maus akakishikilia, mimi nikajitahidi kutulia kabisa huku anahesabu mpaka 10. Pakatokea kichaka cha mistari kama kiota. Paint inaonyesha namba za pikseli chini kushoto unaposogeza mshale, akapima ukingo hadi ukingo: asubuhi kama pikseli 14. Tukarudia saa kumi na moja jioni nikiwa nimechoka, ikawa 25! Nilimwambia, "Unaona mpwa, si mimi mvivu, ni shingo imechoka." Akasema, "Mjomba, basi tuipangie ya jioni."

Tukapandisha eneo hatua moja moja, kila hatua najaribu kwenye kikokotoo kwa kuandika namba ya simu ya dada yangu, zile tarakimu tisa zinazofuata sifuri ya mwanzo, mpaka nikaiandika mara tatu mfululizo bila tarakimu kukataa wala kuzidi. Hapo ndipo tukapandisha muda, sio kushusha, ukafika 1.3. Na kazi ikaenda haraka kuliko ile nusu sekunde, kwa sababu sikuwa narudi kurekebisha. Ila usipanue eneo mpaka ukapitiliza, kwa sababu ukikikaribia kitufe huwa unapunguza mwendo, na eneo likiwa pana ule mwendo wa polepole nao unahesabiwa kuwa umetulia, inakliki kabla hujafika. Ukiona kliki zinatua pembeni ya kitu, upande uliotokea, jua eneo limezidi. Afadhali ukuze vitufe vyenyewe: kwenye mipangilio ya skrini ya Windows tuliweka 150%. Kukuza ndani ya Excel peke yake kunakuza visanduku, vile vialama vya juu vinabaki vidogo vile vile.

Pamoja na hayo yote, faili lilikuwa likijaribu kujifunga lenyewe. Mara mbili tatu kwa siku linatokea swali la kuhifadhi au kutohifadhi, na mimi nikishtuka tu mshale unatua kwenye kutohifadhi. Nilidhani ni virusi. Siku moja mke wangu akaniita kutoka uani, "Baba Zuhura, chai hii," nikageuka kumjibu, niliporudisha macho swali lile pale! Nikamwomba aniite tena, huku mpwa anaangalia skrini. Nikigeuka kulia mshale unakimbilia pembeni, unagonga ukingo na kukwama kwenye kona ya juu. Kichwa kinaendelea kwenda lakini mshale umesimama, na kusimama ndiko kukliki. Na kona ile ndiyo makazi ya alama ya X dirisha likiwa limejaa skrini nzima. Kona ya chini kulia nayo ina kale kakitufe kanakoficha madirisha yote. Tangu hapo silijazi dirisha, naacha ukanda wa vidole viwili kuzunguka, kwenye kona ya juu ikabaki ile picha ya nyuma ya skrini tu, hakuna cha kukliki. Nikiitwa naitika kwa raha.

Kilichonitesa zaidi ya vyote ni kilo kujirudia. Mzee mmoja ana kilo 412, kwenye jedwali naikuta 44122. Mwingine sawa, mwingine imezidi tarakimu moja. Nilipunguza eneo, nikapandisha muda, ikawa afadhali kisha ikarudi. Mwishowe nilitulia kwenye herufi moja nikasikiliza: ikaandika, halafu kidogo tu ikaandika tena. Kumbe kibodi ya kwenye skrini, ile ya Windows, ina kutulia kwake! Ukiingia Options kuna "Hover over keys", yenye muda wake kuanzia nusu sekunde mpaka 3, na mpwa aliiwasha zamani akidhani ndiyo inayotakiwa. Kwa hiyo kibodi inaandika kwenye sekunde 1, eViacam nayo inakliki kwenye 1.3. Nikiwahi kuondoka katikati inatoka moja, nikichelewa zinatoka mbili. Tukairudisha kwenye "Click on keys" na mambo yakaisha siku hiyo hiyo. Nilirudia kulinganisha jedwali lote na stakabadhi, wakulima sitini na kitu, kwa sababu hizo ni hela za watu.

Kuna waliosema nihamie kifaa cha macho, kile kinachosogeza mshale kwa kufuata unapotazama. Nilikijaribu kwa mtu. Kwa asiyeweza kugeuza shingo ni mkombozi, lakini jicho halina mahali pa kupumzikia, unachokisoma ndicho unachokikliki, na jicho likikosea digrii 1 tu, ukiwa umekaa sentimita 60, tayari ni kama sentimita moja kwenye skrini. Kimo cha visanduku vya Excel hakifiki hapo. Ukikitumia, vitufe viwe vikubwa sana na uwe na pa kuzimia kliki haraka.

Mimi pa kuzimia ni kile kitufe cha "No click" kwenye utepe wa eViacam. Nikitaka kusoma naupeleka mshale pale kwanza. Sasa hivi ni jioni, muda nimeupandisha 1.6 na eneo hatua moja, shingo inaanza kuchoka, na bado wakulima tisa niwamalize kabla ya mnada.