Jua kali, mbingu safi, na haturuki

Basi leo hamna hata wingu na mwalimu wangu wa urubani kasoma ripoti ya hali ya hewa akasema leo hakuna kupaa 😩

Upepo unatoka nyuzi 150, kasi yake noti 24. Ranwei, yaani njia ya kurukia ndege, imeelekea nyuzi 090, kwa hiyo upepo unakuja kwa pembe ya 60, ukizidisha 24 kwa sine ya 60, yaani 0.87, unapata kama noti 21 zinazosukuma ndege ubavuni.

Ndege ndogo ya Sesna 172 kwenye majaribio ilitua na noti 15 za ubavuni. Si mwisho wa uwezo wake, ila mwanafunzi ndo akapime?

Nilibaki naangalia mfuko wa upepo, umenyooka tii, umekatisha ranwei.

Nyie mshawahi kutua ndege imekaa upande upande? Semeni 😅