Saa 4 ya kelele: nilivyoandika waraka wa ukarabati hotelini

Hoteli ninayofanyia kazi ni nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, Unguja, na mgahawa wake uko juu ya paa. Paa lilikuwa linavuja. Kwetu wageni hupungua wakati wa masika, na masika huwezi kufumua paa, kwa hiyo kazi ikaangukia Septemba, nyumba ikiwa imejaa. Mimi ni msimamizi wa mapokezi. Meneja akanikabidhi niandike waraka wa wafanyakazi, na ujumbe wa wageni uambatane nao.

Kabla sijaandika chochote nilimwomba fundi mkuu apige nyundo dakika 5 juu ya chumba 302, mimi nikiwa nimekaa kitandani. Nilidhani kelele zitaishia ghorofa ile. Kuta zetu za mawe na chokaa ni nene na sauti za barabarani hazipenyi sana, lakini sakafu ya juu imelalia boriti, na mtikisiko unashuka nazo. 302 chokaa ilinidondokea begani. Nikamwomba arudie nikashuka 202, nikasikia kama mtu anagonga mlango wa jirani. Chini kabisa, 105, kimya. Basi vyumba vinne vya juu tukavifunga, vya ghorofa ya pili tukaamua tumwambie mgeni kabla hajapewa ufunguo, na vya chini tukawawekea wanaofika na ndege za usiku, maana hao hulala mpaka mchana.

Fundi akaniongezea jambo ambalo lilibadilisha waraka mzima. "Kelele siku nne tu, mwanangu. Tukishavunja sakafu ya zamani, kupiga chokaa hakuna anayekusikia." Mimi nilikuwa nimeshaandika "wiki 3 za ukarabati na kelele". Ningewatisha wageni siku kumi na saba za bure.

Kosa langu likaja kwenye saa. Niliandika: "Kuvunja: saa 4 hadi saa 7, na saa 9 hadi saa 11." Kila mfanyakazi alielewa. Kijana wa zamu ya usiku akageuza ujumbe kwa Kiingereza, akaziacha tarakimu vilevile, akautuma watsapu kwa wageni wa vyumba 6. Asubuhi mume na mke wazee wakanisubiri kaunta, simu mkononi, wakiuliza ni hoteli gani inavunja sakafu alfajiri, ikapumzika mchana, kisha ikaanza tena usiku watu wanapotaka kulala. Niliposoma ujumbe nilicheka kwanza, na sikupaswa kucheka. Kijana sikumlaumu, mimi ndiye niliyeandika saa bila kusema asubuhi wala jioni. Tangu hapo kila saa inaandikwa mara mbili: "saa 4 asubuhi (10:00) hadi saa 7 mchana (13:00)". Na Ijumaa tukaandika peke yake: kazi inasimama saa 6 mchana (12:00), mafundi wanakwenda kuswali, na hawarudi kufidia jioni.

Sehemu zilizofungwa nilizitaja kama zilivyo kwenye ramani ya nyumba: "mgahawa wa juu na ngazi ya mashariki". Siku ya kwanza dobi akapanda na beseni la shuka kama kawaida yake, kwa sababu kamba za kuanikia ziko nyuma ya mgahawa, na kwao pale panaitwa "kambani", si mgahawa. Shuka 12 zikarudi kufuliwa kwa vumbi. Nikaandika upya kwa majina yanayotumika kazini, na kila "hapaendwi" ikafuatiwa na mahali pa kwenda: kambani pamefungwa, anika ua wa kisimani, chai ya asubuhi iko ukumbi wa chini.

Ujumbe wa wageni ulioambatanishwa mwishoni ulikuwa huu:

"Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi tunavunja sakafu ya paa. Utasikia nyundo saa 4 asubuhi (10:00) hadi saa 7 mchana (13:00), na saa 9 alasiri (15:00) hadi saa 11 jioni (17:00). Chumba chako kiko ghorofa ya pili: mlio utausikia, ila si mkubwa. Mgahawa wa juu umefungwa, kifungua kinywa kiko ukumbi wa chini. Ukitaka kuhamia ghorofa ya chini, tuambie leo kabla ya saa 12 jioni (18:00)."

Sentensi ya chumba ilibadilishwa kulingana na ghorofa. Chini yake, kwa macho ya wafanyakazi tu, niliweka mamlaka: mtu wa kaunta anaweza kumhamisha mgeni bila kuniuliza, lakini kupunguza bei ni kwa meneja pekee. Bila mstari huo kila zamu ingeahidi lake.

Jumatano mvua ya ghafla ikasimamisha kazi, kuvunja kukasogea hadi Ijumaa asubuhi. Nikatoa waraka mpya, nikaandika juu yake "Toleo la 3". Toleo la 2 lilibaki limebandikwa mlango wa jikoni, na mpishi akamhakikishia mgeni kwamba Ijumaa ni kimya. Sasa ninapobandika jipya, la zamani nalibandua mwenyewe: kaunta, jikoni, kwa dobi na kwa mlinzi.