Pointi Saba Zilitosha Ukingo wa Boti

Fundi mmoja wa boti pale Kibirizi, Kigoma, alitaka boti yake ya zamani ichorwe kwenye kompyuta, apate paterni za mataruma ya boti nyingine ya umbo lilelile. Kazi ngumu ilikuwa mstari wa ukingo wa juu, kutoka omo mpaka tezi. Nilipima nusu ya upana kila baada ya sentimita 60 katika urefu wa mita 7.2, nikapata vipimo 13, nikaviingiza kwenye Rhino, programu ya kuchorea maumbo, na kuvipitishia mstari kwa `InterpCrv`, digrii 3.

Kwa macho ulikuwa mzuri. Nilipowasha `CurvatureGraph`, vile vijiti vinavyoonyesha ukali wa pindo vikawa vinapanda na kushuka njia nzima, na sehemu mbili vikahamia upande wa pili wa mstari. Vikihama hivyo maana yake ubavu umebonyea kwa ndani. Boti yenyewe haikuwa na bonyeo hata moja. Futi ya chuma juu ya ukingo uliolika haikosi kupishana milimita mbili tatu, na mstari unaolazimishwa kupita kila kipimo hulazimika kupinda ili kutii hata hizo milimita.

Hapo ndipo pointi za kudhibiti zinapoingia. Mstari wa NURBS, kwa jinsi programu inavyouchora kawaida, hugusa pointi ya kwanza na ya mwisho tu. Zilizobaki hukaa pembeni na kuuvuta kila moja upande wake. Digrii ndiyo inayoamua mvuto huo unasambaa umbali gani. Chukua idadi ya pointi, toa digrii, unapata vipande vilivyoungwa kuunda mstari. Mstari wangu ulikuwa na pointi za kudhibiti 15 za digrii 3, kwa hiyo vipande 12, na kila pointi ilitawala visivyozidi vinne, yaani kama mita 2.4 za boti. Ukivuta pointi ya katikati sentimita 10, mstari hapo unasogea kama sentimita 6.7 na kwingine unabaki ulivyo. Kwa taya la mashine hilo ni jambo jema. Kwa ukingo wa boti ni kiwanda cha mawimbi.

Nikatumia `Rebuild`, inayoujenga mstari upya: digrii 5, pointi 6. Sita toa tano ni kipande kimoja, na kila pointi ya kati inauvuta mstari wote, ila kwa upole: vuta ya tatu sentimita 10, mstari unasogea si zaidi ya sentimita 3.5. Vijiti vikatulia kabisa, pindo moja safi. Lakini `CrvDeviation`, nilipoulinganisha na ule wa mwanzo, ilionyesha milimita 11 za tofauti karibu na omo, ambako ukingo unageuka kwa kasi.

Nikamwonyesha fundi. Hakutazama namba. Alipigilia misumari kwenye ubao kufuata chapa yangu, akaukunja upapi, akauachia.

“Huku nyuma sina neno, mwanangu. Mbele umeninenepesha boti.”

“Ni pale kwenye futi tatu za mwanzo, mzee?”

“Hapo hapo. Ubao wangu haukai hivyo.”

Zilikuwa zile milimita 11. Nikaongeza pointi moja, ikawa 7 za digrii 5, vipande viwili, kisha nikazipanga kwa mkono: tatu za kwanza karibu karibu omoni, zilizobaki kwa nafasi kubwa kuelekea tezi. Pointi ya kwanza na ya pili nilizichukulia kwa uangalifu zaidi, kwa sababu mstari unaoziunganisha ndio mwelekeo wa ukingo unapotoka omoni; ukiisogeza ya pili kwa kufuata mwelekeo huo huo, unabadilisha ukali wa pindo bila kugeuza pembe. Tofauti ikashuka hadi milimita 4, na vijiti havikuhama upande. Nikaishia hapo. Kuongeza pointi ya nane kungeanza kuiga makosa ya futi yangu.

Mistari mingine miwili, wa kona ya ubavu na sakafu na ule wa mkuku, niliijenga kwa digrii 5 na pointi 7 vilevile, na vipande vikigawanyika mahali pamoja. Mistari ikitofautiana, `Loft`, inayotandaza uso kutoka mstari hadi mstari, hukusanya migawanyiko yote pamoja, na ngozi ya boti inatoka na pointi lukuki ambazo hakuna mtu anaweza kuzilainisha kwa mkono. Kwenye kona yenyewe nililoft nyuso mbili, ubavu peke yake na sakafu peke yake, zikashirikiana mstari mmoja. Kona kali ndani ya uso wa digrii 5 usiokatwa haikai; inalainika, na fundi angepoteza mahali pa kupigilia ubao.