Kutoka daftari la mwanafunzi hadi fomu ya mkopo

Wiki hii nimekuwa nikiandika upya wasifu wangu, kwa kuwa ninaomba nafasi ya usanifu wa mafunzo ya wafanyakazi baada ya miaka mingi ya kufundisha Hisabati sekondari. Mwanzoni niliona kazi ni nyepesi: azimio la kazi likawa mpango wa mafunzo, na andalio la somo likawa mwongozo wa mkufunzi. Nilipousoma tena nikaona kwamba majina yalikuwa mapya, lakini mwajiri hakuelezwa chochote kuhusu ninachoweza kumfanyia. Hivyo nikajiuliza ni stadi gani ya darasani yenye thamani ya kweli kwake, na jibu nililolipata ni kusahihisha.

Mwalimu anayesahihisha kwa makini anaona namna watu wanavyokosea. Katika swali la 1/2 + 1/3, mwanafunzi mmoja anaandika 2/5 kwa kuwa amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Mwingine anapata 6 sawasawa kama kigawe kidogo cha shirika, kisha anateleza katika kujumlisha. Wote wawili wanakosa alama, lakini wa kwanza anahitaji kufundishwa upya maana ya sehemu, ilhali wa pili anahitaji mazoezi tu. Kutofautisha hayo mawili ndiyo kazi ya uchambuzi ambayo msanifu wa mafunzo huanza nayo, na sisi walimu tumeifanya juu ya marundo ya madaftari bila kuihesabu kuwa ujuzi wa pekee.

Ili nisiishie kudai, niliandaa sampuli ya kazi kutokana na tatizo alilonisimulia rafiki aliye katika taasisi ya mikopo midogo. Tarakimu nimezitunga mwenyewe. Fomu nyingi za mikopo zilikuwa zikirudishwa kutoka makao makuu, na meneja akaagiza semina ya siku mbili. Shuleni mada huja na muhtasari, na mwalimu haulizi kama somo linahitajika. Hapa swali hilo ndilo la kwanza, kwa hiyo katika sampuli nilianza kwa kuzipanga fomu kwa aina ya kosa, kama ambavyo ningepanga karatasi za mtihani. Zilizokosa barua ya mdhamini ziliukosa waraka huo kwa sababu fomu yenyewe haikuutaja popote. Dawa yake ni kuongeza mstari katika fomu, na semina haingesaidia kitu. Kundi la pili lilikuwa la maafisa waliokadiria vibaya uwezo wa mteja wa kurejesha mkopo, na hao ndio wa kufundishwa.

Kwa hao nilitunga mfano wa muuza vitenge anayeuza bidhaa za shilingi 3,000,000 kwa mwezi. Ununuzi wa bidhaa hizo ulimgharimu 2,200,000, pango, usafiri na msaidizi humgharimu 350,000, na matumizi ya nyumbani ni 250,000. Afisa anaulizwa ni kiasi gani kinachobaki cha kulipia rejesho la mwezi, naye anachagua kati ya 3,000,000, 800,000, 450,000 na 200,000. Jibu sahihi ni la mwisho. Kila jibu lisilo sahihi limetokana na kosa mahususi: wa kwanza amechukua mauzo yote, wa pili amesahau gharama za uendeshaji, na wa tatu amesahau kwamba mteja ana familia ya kulisha. Maelezo yanayofuata baada ya kila chaguo ni tofauti, kwa sababu yanamjibu aliyekosea kwa njia hiyo na si mwingine. Kazi hii, naamini, inamweleza mwajiri habari zangu vizuri kuliko orodha ya madarasa niliyofundisha.

Upande wa upimaji ndio ulionitaka nijifunze upya. Mtaalamu wa mafunzo wa Marekani, Donald Kirkpatrick, alipendekeza mwaka 1959 kwamba mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: washiriki waliyapokeaje, walijifunza nini, mwenendo wao kazini umebadilikaje, na taasisi imepata matokeo gani. Mtihani wa shule huishia ngazi ya pili. Kwa hiyo katika sampuli niliweka kipimo cha ngazi ya tatu, yaani idadi ya fomu zinazorudishwa kwa kosa la ukadiriaji peke yake, mwezi mmoja kabla ya mafunzo na miezi miwili baadaye. Zile za barua ya mdhamini nimezitenga, kwani zikipungua kwa sababu ya fomu mpya, mafunzo yangejipatia sifa isiyo yake. Katika wasifu, pale palipoandikwa kwamba nilifundisha Hisabati Kidato cha Pili, sasa nimeandika kwamba nilichambua makosa yaliyojirudia katika majaribio, nikaandaa mazoezi kwa kila aina ya kosa, na kupima tena kwa maswali mapya.