Ninavyobadilisha namba za binari, desimali na heksadesimali kwenye jaribio bila kikokotoo

Swali la kawaida la jaribio la kwanza la kompyuta huja hivi: badilisha 437 ya desimali iwe binari, kisha iwe heksadesimali, na uoneshe hatua. Wengi huanza kugawanya kwa 2 kwa sababu binari imetajwa kwanza. Mimi huanza na heksadesimali. Kugawanya 437 kwa 2 mpaka iishe ni mara tisa, kwa 16 ni mara tatu tu, na kila mara unapogawanya unaweza kukosea.

Kabla ya kugawanya chochote napima ukubwa wa jibu. Pembeni mwa karatasi naandika 16, 256, 4096. Kwa kuwa 437 imezidi 256 lakini haijafika 4096, jibu la heksadesimali lazima liwe na tarakimu tatu. Na kwa kuwa iko kati ya 256 na 512, jibu la binari lazima liwe na biti tisa. Hizo namba mbili, 3 na 9, naziandika na kuzizungushia duara. Zitanisaidia mara kadhaa mbele.

Sasa nagawanya:

```
437 ÷ 16 = 27   baki 5
 27 ÷ 16 =  1   baki 11, yaani B
  1 ÷ 16 =  0   baki 1
```

Jibu husomwa kutoka chini kwenda juu: 1B5. Baki ya kwanza ndiyo tarakimu ya mwisho kulia, kwa sababu ndicho kilichoshindwa kutimiza hata 16 moja. Ukisoma kutoka juu unapata 5B1, ambayo ni 1457. Kosa hili duara la tarakimu tatu halilikamati, kwa hiyo mimi huchora mshale wa kupanda kando ya safu ya baki kabla ya kuandika jibu.

Kosa jingine ni kuacha 11 kama ilivyo. Hapo jibu linakuwa 1115, tarakimu nne, na duara langu linasema tatu. Ikisomwa kama heksadesimali, 1115 ni 4373, karibu mara kumi ya namba tuliyopewa. Kila nafasi hubeba alama moja tu, ndiyo sababu ya kuhitaji herufi kwa 10 mpaka 15. Kompyuta ya Bendix G-15 ya miaka ya 1950 ilitumia u mpaka z kwa kazi hiyo hiyo. A mpaka F tunazotumia leo zilizoeleka zaidi baada ya IBM kuleta System/360 mwaka 1964.

Kutoka 1B5 kwenda binari hakuna kugawanya tena. Kila tarakimu ya heksadesimali ni biti nne kamili, zenye thamani 8, 4, 2, 1. Kwa hiyo 1 ni 0001, B ni 8+2+1, yaani 1011, na 5 ni 4+1, yaani 0101. Naziunganisha, naondoa sufuri za mbele kabisa, nabaki na 110110101. Nahesabu biti: tisa, sawa na duara.

Hapa pana kosa ambalo nimeliona kwenye karatasi nyingi kuliko yote: mtu anaandika 5 kama 101 kwa kuwa amezoea kufuta sufuri za mbele. Sufuri hufutwa mwanzoni mwa namba nzima tu, si ndani yake. Ukiifuta kwenye kundi la kulia unapata 11011101, biti nane, ambayo ni 221. Upungufu wa biti moja unaonekana papo hapo ukihesabu.

Kuhusu herufi, sikariri jedwali lote. Nashika tatu: A ni 1010, C ni 1100, F ni 1111. B ni A ukiongeza moja, D ni C ukiongeza moja, E ni F ukipunguza moja. Wanaochanganya B na D ni wengi, na njia hii inawatenganisha kwa sababu kila moja inaanzia kwa jirani yake.

Swali likija kinyume, binari kwenda heksadesimali, biti hugawanywa makundi ya nne nne kuanzia kulia. Chukua hiyo hiyo 110110101. Kutoka kulia ni 0101, kisha 1011, na 1 inayobaki inajazwa sufuri tatu mbele: 0001. Ukianzia kushoto unapata 1101, 1010, 1, yaani DA1, na hiyo ni 3489. Kinachowaponza watu ni mazoezi. Ukifanyia mazoezi namba za biti nane tu, kuanzia kushoto au kulia huleta makundi yale yale, kwa hiyo kosa linajificha mpaka siku unapopewa biti tisa au kumi. Jifanyie mazoezi kwa namba za biti tano, saba na tisa.

Baadhi ya walimu hutaka kuona kugawanya kwa 2, na alama za hatua ziko hapo. Basi naifanya, ila jibu ninalo tayari:

```
437  baki 1
218  baki 0
109  baki 1
 54  baki 0
 27  baki 1
 13  baki 1
  6  baki 0
  3  baki 1
  1  baki 1
  0
```

Kutoka chini kwenda juu: 110110101. Lazima ufike 0. Ukisimama kwenye 1 bila kuigawanya unapoteza biti ya mbele kabisa na kupata 10110101, ambayo ni 181. Tofauti ya 437 na 181 ni 256 kamili. Jibu likipungua kwa 256, 128 au 64 kamili, usirudie kazi yote. Tafuta biti moja iliyodondoka.

Kurudi kwenye desimali, vitabu vingi hufundisha kujumlisha thamani za nafasi: 256+128+32+16+4+1. Ni sahihi, lakini kwa uhakiki napenda njia ya kuzidisha. Anza na biti ya kushoto. Kila unapohamia biti inayofuata, zidisha ulichonacho kwa 2, kisha ongeza biti hiyo: 1, 3, 6, 13, 27, 54, 109, 218, 437. Angalia tena safu ya kugawanya: ni namba zile zile, kutoka chini kwenda juu. Zisipolingana, mstari wa kwanza unaotofautiana ndio wenye kosa. Kwa heksadesimali ni vivyo hivyo ila unazidisha kwa 16: 1 inakuwa 16, ongeza 11 upate 27, zidisha upate 432, ongeza 5 upate 437.

Nyumbani mazoezi yangu nayahakiki kwa Python:

```
bin(437)
hex(437)
int("1B5", 16)
```

Mashine itajibu '0b110110101', '0x1b5' na 437. Hizo 0b na 0x za mbele zinaonesha kizio tu, si tarakimu za namba. Kwenye karatasi naandika kizio kwa udogo chini ya namba, upande wa kulia: 2, 10 au 16. Bila hicho, msahihishaji akiona 101 hajui kama umemaanisha tano, mia na moja, au 257.