Barua yangu ya kuaga kwa Kiingereza: nilichofuta na nilichobakiza

Ushauri mbaya kuliko wote nilipewa na mjomba wangu wa Kirumba, aliyestaafu baada ya kuchapa barua za ofisi maisha yake yote. Nilikuwa namalizia mafunzo kwa vitendo kwenye maabara ya samaki huko Bergen, Norway, nikampigia kumwambia nataka kuandika barua ya kuwaaga wenyeji wangu. Akanijibu bila kufikiri mara mbili: weka anwani mbili, yako kulia na yao kushoto, kisha YAH kwa herufi kubwa na mstari chini yake, halafu "husika na kichwa cha habari hapo juu". Alisema Kiingereza chake ni kilekile, unageuza tu.

Barua ya namna hiyo ukimpelekea Mkurugenzi wa Jiji, uko sawa kabisa. Ukiwapelekea watu mnaogongana kila asubuhi kwenye mashine ya kahawa, watadhani unawashtaki. Wanorwe huitana kwa jina la kwanza hata na mkuu wa kazi, na barua ya kuaga huenda kwa imeili, haina YAH wala anwani. Salamu yake ni mstari mmoja, na mstari wa pili tayari unasema siku ya mwisho ni lini. Mimi nilianza hivi:

```
Hi everyone,
Friday is my last day in the lab before I go home to Mwanza.
```

Kwenye kichwa cha imeili weka jina lako na neno la kuaga, basi. Mtu akiona kichwa kimeandikwa "Important" ataifungua akiwa na wasiwasi bure.

Sasa nije kwenye sentensi iliyonipotezea jioni nzima. Sisi huwezi kuaga bila kuomba radhi. Anayesafiri, anayehama, hata anayemaliza fildi ya miezi mitatu pale Nyegezi, lazima aseme kama kuna niliyemkosea kwa kujua au kutokujua anisamehe. Nikaiandika kwa Kiingereza kilichonyooka:

```
If I have wronged anyone, knowingly or unknowingly, please forgive me.
```

Sarufi haina kasoro, na hapo ndipo mtego ulipo, maana hakuna chombo cha kukagua tahajia kitakachoipigia mstari mwekundu. Bahati nzuri nina tabia ya kumpa mtu rasimu kabla ya kutuma. Simuulizi kama barua ni nzuri, kwa sababu kila mtu atasema ni nzuri. Namuuliza: ukimaliza kuisoma hii, utafanya nini? Dada niliyekaa naye meza moja akaisoma, akafika hapo, akanyamaza. Akasema, "Nitakuja kukuuliza kumetokea nini, na ni nani." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza polepole kama kuna sampuli zilizochanganyika.

Ukifikiria, ana haki. Kazi yetu ilikuwa kusoma umri wa samaki kwa mawe madogo yaliyo ndani ya masikio yao. Jiwe lina miviringo kama ya gogo la mti, na kila mwaka huacha wake. Bahasha moja ikiandikwa namba isiyo yake, samaki wa miaka minne anageuka wa tisa kwenye jedwali, na hesabu ya akiba ya samaki inayumba. Mtu wa maabara akisoma kwamba unaomba msamaha kwa kosa usilolitaja, akili yake inakwenda moja kwa moja kwenye bahasha. Kwao anayeomba radhi ana jambo. Kwetu radhi ni adabu ya mlangoni, huombwa hata na asiyemkanyaga mtu.

Sikukubali kuitupa moja kwa moja, maana kuaga bila unyenyekevu kunaniwasha. Nikaugeuza ule unyenyekevu kuwa shukrani kwa uvumilivu wao, nikautia kwenye jambo lililotokea kweli:

```
Thank you for your patience while I was learning,
and for re-checking so many of my age readings.
```

Dada aliposoma hii alisema atanijibu "karibu tena". Nikajua imekaa.

Shukrani nazo zina tatizo lake. Mazoea yetu ni kupanga watu kwa vyeo, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi, na ukimruka mmoja umetangaza ugomvi. Kwa Kiingereza orodha ile inasomeka kama risala ya mgeni rasmi, na watu wanairuka. Taja wachache, kila mmoja na kitu alichokufanyia, wengine waweke kwenye fungu moja. Kipimo changu: ichukue sentensi peke yake, kisha jiulize kama ingeweza kutumwa kwenye ofisi nyingine yoyote. "Thank you for everything" inafaa hata kwa kiwanda cha saruji, kwa hiyo niliifuta. Kwa aliyenifundisha darubini niliandika hivi:

```
You showed me how to tilt the light until the rings came apart.
```

Yeyote aliyewahi kukodoa macho kwenye jiwe la samaki akaona ukungu mtupu, mpaka taa ilipolazwa upande, anajua sentensi hiyo ina thamani gani.

Dua pia nilizipunguza. Rasimu ya kwanza ilikuwa na baraka tele, kana kwamba tuko kwenye harambee. Dua fupi moja haimuudhi mtu, ila tatu mfululizo zinawafanya wasijue wajibu nini.

Halafu kuna keki. Huku kwetu wanaobaki ndio humfanyia sherehe anayeondoka. Nilipokuwa mimi, anayeondoka ndiye aliyeleta keki, na barua ndiyo inayotangaza. Angalia saa! Ukiwaza saa nane mchana kwa Kiswahili, vidole vinaweza kuandika 8, na keki ikaliwa asubuhi bila wewe, au isiliwe kabisa. Andika 14:00, na siku iwe Alhamisi, kwani Ijumaa mchana wengi wameshaondoka. Keki yenyewe ilinila kiasi cha nauli za wiki nzima, tuseme.

Barua niliituma siku mbili kabla ya kuondoka, asubuhi. Ukituma saa ya mwisho utapata majibu kwenye anwani ya kazini ambayo imeshafungwa. Ndani yake weka anwani yako binafsi, na iwe ya jina lako, si ile ya utani uliyofungua ukiwa kidato cha pili. Kundi lako likiwa dogo waandike kwenye `To`. Wakiwa wengi na wengine hawajuani, tumia `Bcc`, ili mtu akibonyeza `Reply all` asimwamshe kila mmoja.

Mambo mawili hayamo kwenye barua hii hata kidogo. La kwanza ni makabidhiano: picha ziko folda gani, trei ipi imesomwa na ipi bado, ufunguo wa kabati yuko nao nani. Hiyo ni imeili ya peke yake kwa msimamizi. La pili ni kuomba barua ya utambulisho. Ukiichomeka kwenye kuaga, shukrani zote zinaonekana chambo. Mimi nilimwandikia msimamizi mapema, nikaorodhesha tarehe za kuanza na kumaliza, kazi nilizofanya na vifaa nilivyotumia, ili asihangaike kukumbuka. Akaiandika, akaisaini, nikaondoka nayo kwenye begi la mkononi.