Matone 42 kwenye mpira upi? Kumbukumbu ya kadi zangu za dripu

Wiki ya kwanza

Nimetupa karatasi yangu ya mazoezi ya dripu. Nimeitumia kwa muda mrefu na wanafunzi huijibu vizuri, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia. Maswali yote yalikuwa na sura moja: chupa ya kiasi fulani, saa kadhaa, na mwishoni maneno "tumia seti ya matone 20". Seti ni mpira wa dripu pamoja na chemba yake ya matone, na 20 ni idadi ya matone yanayofanya mililita moja. Mwanafunzi anaziingiza namba tatu kwenye kanuni, anapata jibu, anapiga mstari chini yake. Siku ya kwanza wadini hakuna atakayemwandikia sentensi ile ya mwisho. Atapewa agizo la daktari na pakiti ya seti, namba ya tatu aitafute mwenyewe.

Kwa hiyo nimeanza upya. Nataka kadi chache, kila moja na kisa kimoja, kwa ajili ya wanafunzi ambao bado hawajaingia wadini. Kanuni haijabadilika, na nimeiandika kubwa kwenye kadi ya kwanza:

```
matone kwa dakika = (mililita × matone kwa mililita) ÷ dakika
```

Mililita zinatoka kwenye agizo. Dakika pia zinatoka kwenye agizo, ila huko zimeandikwa kama saa, lazima uzigeuze. Matone kwa mililita hayamo kwenye agizo hata kidogo, wala kwenye chupa. Yamechapishwa kwenye pakiti ya seti, kwa sababu ukubwa wa tone unaamuliwa na mdomo mdogo ulio juu ndani ya chemba ya matone. Mdomo mpana hutoa tone kubwa, mwembamba hutoa tone dogo. Seti za kawaida huwa za matone 10, 15 au 20 kwa mililita. Ile ya matone madogo ni 60, na ndani ya chemba yake utaona kisindano chembamba cha chuma. Seti ya damu ina chujio na namba yake yenyewe, nayo husomwa kwenye pakiti vilevile.

Wiki ya kwanza, jioni

Kisa cha kadi ya pili nimekichagua kwa makusudi kiwe cha kawaida kabisa: mililita 1000 za maji ya chumvi, saa 8.

Saa 8 ni dakika 480. Kwa seti ya 20: 1000 × 20 ni 20,000, ukigawa kwa 480 unapata 41.67. Nusu tone halihesabiki, kwa hiyo ni matone 42 kwa dakika. Kwa seti ya 15: 15,000 gawanya kwa 480 ni 31.25, yaani matone 31.

Nimeacha mstari mmoja mtupu katikati ya agizo na hesabu: "Pakiti inasema: ____". Asipoujaza haendelei.

Wiki ya pili

Nimeijaribu kadi kwa wanafunzi wanne. Watatu walifika 42 bila shida. Wa nne aliniletea 2,500.

"Mwalimu, kikokotoo kimesema hivyo."

Kikokotoo hakikukosea. Aligawa kwa 8 badala ya 480, kwa hiyo alichopata ni matone kwa saa. Sikumsahihisha papo hapo. Nilimwomba agonge meza kwa kidole mara 2,500 ndani ya dakika moja. Aligonga kidogo, akacheka, akarudi kwenye karatasi yake. Nimeongeza mstari kwenye kadi: kabla ya kuandika jibu, jiulize kama jicho linaweza kuyafuata matone hayo. Dripu nyingi za watu wazima zitakupa makumi ya matone kwa dakika. Ukiona maelfu, umesahau kugeuza saa kuwa dakika. Ukiona tone moja au mawili tu, yaelekea hukuzidisha kwa namba ya pakiti. Ukiona sehemu ndogo ya tone, yaelekea uligeuza mgawanyo juu chini.

Lile la 2,500 halinitishi sana, kwa kuwa linajipigia kelele lenyewe. Ninaloliogopa ni 42 iliyopatikana kwa usahihi kisha ikawekwa kwenye mpira wa 15, maana hapo kila kitu kinaonekana sawa.

Wiki ya pili, Alhamisi

Leo nimefanya jaribio nililokuwa nalipanga. Nilitundika chupa tatu za maji ya bomba, zote kwa kimo kimoja, mpira wa kila moja ukimwaga ndani ya kopo la kupimia. Seti ya kwanza ilikuwa ya 20, ya pili ya 15, ya tatu ya 60. Pakiti nilizificha. Kila kikundi kiliambiwa kiweke matone 40 kwa dakika na kuyalinda kwa dakika 15.

Ukipiga hesabu, kila mpira ulipaswa kudondosha matone 600. Seti ya 20 inapaswa kutoa mililita 30, ya 15 mililita 40, ya 60 mililita 10. Makopo yalikaribia hapo: 29, 37 na 10. Hiyo 37 nitairudia.

Chumba kilikuwa kimya kidogo walipoyaona makopo yamesimama pamoja. Matone yaleyale, dakika zilezile, na kopo moja lina takribani mara nne ya jingine. Nimefundisha somo hili kwa maneno mara nyingi na halijawahi kuingia namna hii.

Baada ya hapo tulirudi kwenye kisa chetu. Matone 42 kwa dakika kwenye seti ya 15 ni 42 ÷ 15, yaani mililita 2.8 kwa dakika. Kwa saa ni 168 badala ya 125. Lita iliyopangiwa saa 8 inaisha kabla kidogo ya saa 6. Kijana mwenye mwili imara huenda asionyeshe lolote. Mzee mwenye moyo dhaifu, au mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi vizuri, anaweza kuanza kukohoa na kuhema kwa shida, maji yakijaa mapafuni. Kosa la upande wa pili nalo lipo: ukiweka 31 kwenye seti ya 20 zinaingia mililita 93 kwa saa, na mgonjwa aliyepungukiwa maji anasubiri karibu saa 11.

Wiki ya tatu

Sasa ile 37. Kikundi hicho kilihesabu vizuri mwanzoni, kikaweka 40, kisha kikakaa kuzungumza. Dakika ya kumi nilihesabu mwenyewe nikapata 34. Mpira ulio chini ya kigurudumu cha kubania hujilegeza au hujikunja taratibu, na mwendo unahama bila mtu kugusa kitu. Kwa mgonjwa kuna zaidi: akikunja kiwiko chenye kanula, kile kimrija kilichoingizwa mshipani, matone yanapungua, akiinuka kitandani, tofauti ya kimo kati ya chupa na mkono inabadilika, chupa inavyozidi kupungua, msukumo nao unapungua. Kwa hiyo kadi ya nne inasema: hesabu, weka, rudi baada ya dakika 15 uhesabu tena, kisha urudi mara kwa mara.

Nimegundua pia kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nafundisha kuhesabu kwa sekunde 15 halafu kuzidisha kwa 4, kwa sababu ni haraka. Robo ya 42 ni kumi na nusu. Mwanafunzi atahesabu 10 au 11, na atapata 40 au 44. Tone moja lililokosewa linakuwa manne. Ukihesabu nusu dakika unalenga 21, namba nzima, na tone moja lililokosewa ni mawili tu. Tunapoweka mwendo kwa mara ya kwanza sasa tunahesabu dakika kamili. Saa iwe juu karibu na chemba, jicho lisiwe na kazi ya kushuka na kupanda.

Wiki ya tatu, Ijumaa

Kadi ya tano ni utepe wa karatasi unaobandikwa kwenye chupa. Mwanafunzi anaandika saa ya kuanza juu, kisha anashuka mililita 125 kwa kila saa. Dripu ikianza saa 2 asubuhi, saa 5 kamili zinapaswa kubaki 625. Ni wazo la zamani, halihitaji umeme, na linaonyesha kosa la pakiti haraka: kwa mpira wa 15 uliowekwa matone 42, saa 5 zimebaki karibu 496. Yeyote anayepita kitandani anaona maji yameshuka chini ya alama.

Wiki ya nne

Kadi ya sita ndiyo iliyonipa kazi. Dripu imechelewa, ufanye nini?

Kisa cha kwanza: baada ya saa 3 zimebaki mililita 700 badala ya 625. Zimesalia saa 5, yaani dakika 300. Kwa seti ya 20: 700 × 20 ÷ 300 ni 46.67, yaani 47. Kutoka 42 hadi 47 ni nyongeza ndogo. Hata hivyo mwanafunzi haibadilishi peke yake. Anapeleka hesabu kwa muuguzi anayemsimamia.

Kisa cha pili: baada ya saa 4 zimebaki 800. Hesabu inasema 800 × 20 ÷ 240, matone 67. Binti mmoja aliandika 67 kwa furaha na akanyoosha mkono. Nilimuuliza, "Dada, umempa mgonjwa mwendo gani?" Akapiga: 67 ÷ 20 × 60, karibu mililita 200 kwa saa, wakati agizo lilikuwa 125. Akafuta mwenyewe. Nyuma ya kadi nimeandika kwamba 67 ni jibu sahihi la swali lisilofaa. Hapo mwanafunzi anakagua kanula kama imeziba au mkono umevimba, anaangalia kama mpira umekunjika, kisha anatoa taarifa. Muda uliopotea hafidiwi mgonjwa kwa kumwagiwa maji.

Wiki ya nne, jioni

Niliwaza kuweka kadi ya njia za mkato. Kwa seti ya 60, matone kwa dakika yanalingana na mililita kwa saa, kwa sababu saa ina dakika 60. Kwa seti ya 20 unagawa mililita za saa kwa 3, kwa seti ya 15 unagawa kwa 4. Kwa hiyo 125 ÷ 3 inarudi palepale, 41.67. Mwishowe nimeiweka ya mwisho, na kwa kukagua jibu tu. Anayeanza na njia ya mkato hukumbuka "gawa kwa 3" na kusahau kwamba 3 hiyo ilitoka kwenye pakiti.

Kadi hiyohiyo ina kisa cha mililita 100 ndani ya dakika 30. Seti ya 20 inatoa 67, yanahesabika. Seti ya 60 inatoa 200, na hakuna jicho linaloweza kuyahesabu, kwa hiyo jibu ni kubadilisha seti. Dawa zinazohitaji mwendo mdogo na wa uhakika, zile zinazobadilisha shinikizo la damu kwa mfano, nimeziacha nje ya kadi. Hizo ni za pampu, na mwanafunzi wa wiki ya kwanza hazigusi.

Wiki ya tano

Jaribio la mwisho kabla hawajaondoka. Kila meza ina agizo lilelile, lita 1 kwa saa 8, na seti moja ndani ya pakiti yake. Meza mbili kati ya tano nilizipa seti ya 15 bila kusema.

Meza moja walifungua pakiti, wakaigeuza, wakaandika 15 kwenye mstari mtupu, wakaweka 31. Meza ya pili walichana pakiti, wakaitupa kwenye ndoo, wakaweka 42. Dakika kumi baadaye mmoja wao aliuangalia ule mstari mtupu, akaenda kwenye ndoo na kuanza kupekua.